Jinsi ya kupokea lindo la usiku na kuandika doria ya kwanza

Mali ikipotea usiku, swali la kwanza kuulizwa asubuhi ni hili: ilionekana mara ya mwisho saa ngapi, na nani aliiona? Jibu lake hutegemea sana saa ya kwanza ya zamu. Ukisaini kupokea lindo bila kulikagua, umekubali kwa maandishi kwamba ulilikuta salama, hata kama kitu kilikwisha kutoka mchana. Ndiyo maana naandika kwa urefu kuhusu saa hiyo moja na kuziacha nyingine.

Tuchukue mfano wa zamu inayoanza saa 12 jioni. Eneo lina ghala mbili, lango kuu, mlango wa nyuma kwenye ghala namba 2, na chumba cha jenereta. Walinzi ni watatu: mmoja langoni, mmoja upande wa nyuma, na wewe unayeshika daftari la matukio na kufanya doria.

Hatua ya kwanza: soma daftari kabla ya kushika kitu chochote

Fika dakika 15 au 20 kabla ya zamu, kwa sababu kusoma kunahitaji utulivu na mwenzako anayetoka atakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Anza pale uliposaini mara ya mwisho. Kama ulikuwa mapumziko siku mbili, soma siku zote mbili. Kuna walinzi wanaosoma ukurasa wa mwisho tu, na hapo jambo lililoandikwa juzi bila kumalizika linaendelea kulala bila mwenyewe.

Unaposoma, usitafute matukio makubwa. Makubwa utaambiwa kwa mdomo. Tafuta mistari iliyofungua jambo na haijafungwa. Utaitambua kwa maneno yake: “ameitwa”, “tunasubiri”, “ataleta”, “imeripotiwa”. Kila mstari wa namna hiyo unapaswa kuwa na mwenzake mbele yake unaosema jambo liliishaje. Tazama huu mfano:

1420 – Kufuli la mlango wa nyuma, ghala namba 2, linakwama. Msimamizi amearifiwa. Fundi ameitwa.
1535 – Fundi ameingia. Amepewa kadi ya mgeni namba 7.
1610 – Fundi ametoka.

Ukipita haraka utaona kazi imekwisha. Ukisoma kwa makini utaona maswali matatu yamebaki. Kufuli lilitengenezwa au lilibadilishwa? Kama lilibadilishwa, funguo mpya ziko wapi? Na kadi namba 7 ilirudishwa? Yaandike maswali hayo kwenye kijitabu chako cha mfukoni, kisha muulize mwenzako angali yupo. Akikujibu kwamba kufuli lilibadilishwa na ufunguo uko ubaoni, andika kama kauli yake: “Mlinzi anayetoka anasema…” Usiandike kama jambo ulilolithibitisha, maana bado hujaliona.

Angalia pia saa zilivyoandikwa. “Saa 2” kwenye daftari la ulinzi inaweza kuwa asubuhi au usiku, na mwenye mazoea ya kusoma saa ya kizungu anaweza kuielewa kuwa saa 8. Tumia tarakimu nne za mfumo wa saa 24: 2000 ni saa 2 usiku, 0200 ni saa 8 usiku. Mchana mmoja wa mabishano kuhusu saa unaweza kuharibu ushahidi mzima.

Hatua ya pili: hesabu vifaa

Hapa hakuna mengi. Hesabu funguo moja moja ukilinganisha na orodha ya ubaoni, siyo kwa kutazama ubao umejaa. Washa tochi. Hakikisha redio ina chaji, filimbi ipo, na rejesta ya wageni inaonyesha nani bado yuko ndani. Kadi namba 7 iko kwenye sanduku lake? Basi swali moja limefungwa.

Hatua ya tatu: kagua malindo pamoja na anayetoka

Tembeeni wote wawili, ikiwezekana kukiwa bado na mwanga, huku mlinzi wa langoni akibaki mahali pake. Saini ya makabidhiano inakuja baada ya matembezi haya. Mwenzako akisema “saini tu, kila kitu kiko sawa”, mwombe kwa heshima mmalize kwanza. Ni ulinzi wake pia, kwa kuwa baada ya saini yako hakuna atakayemuuliza yeye tena.

Mlango usiutazame kwa mbali. Usukume kwa kiganja, kisha vuta kufuli kwenda chini. Na kwa milango muhimu, ingiza ufunguo na uuzungushe. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi kuliko zote. Kuna wezi wanaokata kufuli mchana na kuweka jingine linalofanana nalo, ili mlinzi akilivuta aone limefunga na kuendelea na safari yake. Usiku wanarudi na ufunguo wao. Kufuli lililofungwa halikuambii ni la nani. Ufunguo wako ukizunguka ndani yake ndio unaokuambia.

Katika mfano wetu ufunguo wa ubaoni unafungua kufuli jipya. Vizuri, lakini usiishie hapo. Kufuli jipya kwa kawaida huuzwa na ufunguo zaidi ya mmoja, na ubaoni upo mmoja tu. Mpigie msimamizi. Anasema lilikuja na funguo tatu, mmoja anao yeye, na wa tatu hajui uko wapi. Sasa una jambo la kweli mkononi: kuna ufunguo wa ghala nje ya uangalizi. Omba ruhusa ya kuongeza kufuli la akiba kwenye mlango huo usiku huu, na umweleze mlinzi wa nyuma sababu yake. Usimtuhumu fundi kwenye daftari. Andika idadi ya funguo, nani anasema ana upi, na upi haujulikani ulipo. Dhana iachie watakaochunguza.

Kwenye lindo la nyuma, simama pale anaposimama mlinzi na uangalie anachokiona yeye. Mara nyingi utakuta gari limeegeshwa au mizigo imepangwa mchana ikaziba macho yake, na yeye kwa kuzoea hajaona kasoro. Jaribu redio hapo hapo, si langoni, kwa sababu kuta nene na mabati hupunguza mawimbi. Mwulize: ukiona mtu anaruka ukuta, unamwita nani kwanza na unasimama wapi? Akisita, mwelekeze sasa. Tazama taa: iliyozimika peke yake huenda ni balbu, ila zikizimika zote za upande mmoja, fuatilia waya mpaka uone ulipoishia. Mtungi wa kuzimia moto wenye geji uwe na mshale kwenye rangi ya kijani na pini yake iwe mahali pake. Mtungi wa hewa ya ukaa kwa kawaida hauna geji, kwa hiyo huo angalia pini, sili na tarehe ya ukaguzi.

Sasa saini, na saini yako ibebe hali uliyoikuta: “Nimepokea lindo 1812. Funguo 14 kati ya 14 za orodha. Isipokuwa: ufunguo wa tatu wa kufuli jipya la ghala namba 2 haujulikani ulipo.” Neno “isipokuwa” halimuudhi mtu mwenye nia njema, na linakulinda wewe.

Hatua ya nne: andika doria kama kazi inayofunguliwa na kufungwa

Mstari wa “1900 doria, hali shwari” hauna faida. Hausemi ulianzia wapi, uligusa nini, wala ulimaliza saa ngapi. Badala yake, ipe kila doria namba yake. Ifungue kabla ya kuondoka na uifunge ukirudi. Faida ya kuifungua kwanza ni kwamba ukipatwa na jambo huko nyuma, mwenzako wa langoni ataona doria iliyofunguliwa 1822 haijafungwa, na atajua aanze kukutafuta upande gani.

Doria ya kwanza kwenye mfano wetu inaonekana hivi:

Doria 1 – imefunguliwa 1822. Kutoka lango kuu kupitia kulia.
1826 – Ghala 1, milango miwili imesukumwa na kuvutwa, imefunga.
1833 – Ghala 2, mlango wa nyuma, kufuli jipya na la akiba yamefunga. Nyasi chini ya dirisha hazijakanyagwa.
1839 – Chumba cha jenereta kimefungwa. Taa ya kona ya nyuma haiwaki, nyingine tatu zinawaka.
Imefungwa 1844. Limefanyika: msimamizi amearifiwa kuhusu taa kwa simu 1843. Bado wazi: (a) ufunguo wa tatu, (b) taa ya kona ya nyuma.

Mambo yaliyo “bado wazi” yahamishie kwenye doria ya pili, ya tatu, hadi makabidhiano ya asubuhi, kila moja na herufi yake ile ile. Linapomalizika, andika limefungwa saa ngapi na nani. Ndivyo utakavyomwepusha anayekuja na ile kazi ya kubahatisha uliyoikuta wewe kwenye mistari ya fundi. Doria zinazofuata zibadilishie muda na upande wa kuanzia. Anayekuvizia akijua unapita saa kamili kila mara, umempa ratiba yake.

Kama kazini mna vituo vya kugusisha kifaa wakati wa doria, endelea kuandika. Kifaa kinathibitisha kwamba kilifika mlangoni. Hakijui kama kufuli lilivutwa. Msimamizi mzoefu naye hutambua doria zilizoandikwa kwa pamoja alfajiri: saa zote ni kamili, wino haubadiliki, maneno ni yale yale mstari kwa mstari.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno hilo libaki likisomeka, andika sahihi pembeni na weka saini fupi. Usifute, usichane ukurasa, usiache mistari mitupu ya kujazwa baadaye. Ukikumbuka jambo ulilolisahau, liandike kwa saa unayoliandika na useme lilitokea lini: “1930 – Nyongeza: saa 1833 niliona…”

Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie na usiguse. Rudi nyuma mahali unapoweza kuuona, toa taarifa kwa redio, na doria hiyo ibaki wazi daftarini mpaka wenye mamlaka wafike.

Na doria ambayo haikufanyika nayo ina namba. Kama mvua ilikuwa kubwa, au mlinzi wa langoni aliugua ikabidi ushike nafasi yake, andika: “Doria 3 haikufanyika 2015. Sababu: niko langoni badala ya mwenzangu. Msimamizi amearifiwa 2017.” Mstari huo una thamani kuliko doria ya kubuni, kwa sababu asubuhi mchunguzi atajua kwamba kati ya Doria 2 na Doria 4 hakuna aliyeangalia upande wa nyuma, na ataanzia hapo.