Mwajiri akiomba picha, umri au hali ya ndoa: namna ya kujibu bila kugombana

1. Tazama mchakato umefika wapi

Kama umeshapewa kazi, wape bila mjadala. Tarehe ya kuzaliwa inaingia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, mwenzi na watoto wanaandikwa kwenye bima, na picha inakwenda kwenye kitambulisho cha kazi. Mwongozo huu ni wa kabla ya hapo, wakati bado wanachuja majina. Kazi za uigizaji na uanamitindo nazo ziweke kando, kwa sababu huko picha ni sehemu ya kazi yenyewe.

2. Jibu kwa barua pepe

Hata kama wamekuuliza kwa simu, sema utawaandikia, kisha andika siku hiyohiyo. Kwenye simu mtu hubabaika na kujikuta ameeleza hata asichoulizwa. WhatsApp siipendi kabisa kwa kazi hii: unaweza kukwepa kutuma picha kwa maneno mazuri, huku picha yako ya harusi inaonekana palepale kwenye wasifu wa namba yako. Kagua na picha ya akaunti ya barua pepe.

3. Jibu haja iliyo nyuma ya swali

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Swali la umri mara nyingi lina haja ya kujua kama unaruhusiwa kisheria kuajiriwa. La ndoa huficha wasiwasi kuhusu safari, zamu za usiku au kuhama. Jibu hayo, na tarehe na ndoa zisubiri.

Tuseme umeomba kazi ya mhasibu msaidizi, na tangazo linataka mtu wa kuzungukia matawi wiki moja kila mwezi. Ujumbe unakuja: "Kabla ya kukupangia usaili, tutumie picha, umri wako na kama umeolewa." Andika hivi:

> Habari za kazi,
> Ahsante kwa kuyapitia maombi yangu. Nimetimiza umri wa kuajiriwa kisheria, na naweza kusafiri kwenda matawini wiki moja kila mwezi kama tangazo linavyoeleza. Tarehe ya kuzaliwa, taarifa za familia na picha nitaziwasilisha wakati wa kuandaa mkataba, bima na kitambulisho. Kwa usaili, nina nafasi Jumanne au Jumatano asubuhi. Ipi inawafaa?

Humo hamna "siwezi" wala "haki yangu". Anayeuliza mara nyingi ni karani anayejaza fomu aliyoikuta ofisini. Ukimtajia sheria, jina lako linapanda kwa bosi likiwa na sifa ya ugomvi kabla hujaonekana. Sheria zenyewe zinatofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usiitaje usiyoisoma. Barua inamalizika kwa swali kwa makusudi, ili anayejibu ajibu kuhusu siku na asirudi kwenye picha.

Angalia mambo mawili. Usiahidi safari usizoziweza, maana sentensi hiyo ndiyo watakayokukumbusha. Pia usijitetee: "nimeolewa lakini mume wangu hana neno" imeshajibu swali, na imeongeza mume kwenye mazungumzo.

Wakirudia kuuliza, uliza mara moja tu: "Naomba kufahamu taarifa hii inatumikaje katika hatua hii ya usaili." Mwenye sababu ataitaja, kwa mfano picha ya kibali cha getini, na hapo mtumie. Asipokuwa na sababu na bado anang'ang'ania, uchague mwenyewe: kumpa, au kuiacha kazi hiyo. Barua ya tatu haisaidii.

4. Fomu ya mtandaoni yenye nyota

Nyota inaonyesha sehemu ambayo lazima ijazwe. Kwenye hali ya ndoa, chagua "Sipendi kusema" kama ipo. Tarehe ya kuzaliwa usiibuni. Ukiweka 01/01/1900, mfumo unaokokotoa umri unaweza kukutupa nje bila mtu kukuona. Ukijipunguzia miaka, chini ya fomu kuna tamko kwamba uliyoandika ni kweli, na siku kitambulisho kitakapotofautiana na fomu, uongo huo ni sababu ya kukuachisha kazi. Kupakia karatasi nyeupe mahali pa picha kunaonekana kama kejeli. Jaza ukweli, au waandikie uulize kama waweza kutuma maombi bila sehemu hiyo.

5. Ukiulizwa ana kwa ana

"Una watoto wadogo?" Jibu kwa utulivu: "Kama ni kuhusu zamu za usiku, hizo naziweza." Kisha nyamaza.

6. Kagua wasifu wako wa kuombea kazi

Mwaka wa kumaliza shule ya msingi unataja umri wako waziwazi. Ufute, pamoja na tarakimu za mwaka wa kuzaliwa, kama 84, kwenye anwani ya barua pepe.