Mwanga wa majimaji: kuchora roki ya saikedeliki ukutani kwa mafuta na maji

Ukumbi wa Fillmore East wa New York ulipofunguliwa Machi 1968, nyuma ya bendi kulikuwa na pazia kubwa lililojaa rangi zinazotembea. Waliozitembeza ni kikundi cha Joshua Light Show, na jina lao lilitangazwa pamoja na majina ya bendi. Walitumia mitambo mingi. Hapa nashika mmoja tu, mafuta na maji kati ya vioo viwili, kwa sababu ndio unaoitika mkono haraka kuliko yote.

Hatua ya 1: Projekta na vioo

Tafuta projekta ya zamani ya darasani, ile yenye meza ya kioo inayowaka kutoka chini na lenzi juu yake. Kisha pata vioo viwili vilivyobonyea vya saa kubwa za ukutani, kimoja kikae ndani ya kingine. Viweke ndani ya bakuli bapa la kioo lisilo na nakshi, ili kinachomwagika kisifike kwenye taa. Umeme na maji havichezewi, kwa hiyo bakuli hilo ni la lazima.

Hatua ya 2: Rangi

Maji yatie rangi ya chakula ya buluu. Mafuta yawe mepesi na maangavu, kama yale ya kupaka watoto, nayo uyatie rangi ya njano inayoyeyuka kwenye mafuta, kwa mfano ya kutengenezea mishumaa. Rangi ya kawaida ya chakula haishiki kwenye mafuta. Utaiona imejikusanya chini kama shanga. Rangi ya ukutani nayo haifai, maana inazuia mwanga na kuacha kivuli cheusi tu.

Nimechagua buluu na njano kwa sababu mwanga hupita katika tabaka zote mbili, na zinapopandana hutoa kijani safi. Ukipandanisha nyekundu na kijani, kila moja inameza mwanga wa mwenzake na ukuta unageuka kahawia iliyokufa.

Hatua ya 3: Mkono

Mimina vijiko viwili vya maji kwenye kioo cha chini, kijiko kimoja cha mafuta katikati, kisha shusha kioo cha juu polepole. Ukibonyeza, mafuta hutawanyika. Ukiinua kidogo, maji hupenya ndani ya mafuta na kuchora matawi kama ya mti. Bonyeza kwa besi, wala usiifukuze kila pigo la ngoma. Jicho hufurahia mwendo unaokwenda na pumzi ya wimbo.

Hatua ya 4: Sauti ya kufanyia mazoezi

Sikiliza wimbo wa Itchycoo Park wa bendi ya Small Faces, uliorekodiwa London mwaka 1967 katika studio za Olympic. Kuna mahali ngoma zinavuma kama ndege inayopita juu ya paa. Fundi George Chkiantz aliipata athari hiyo kwa kucheza kanda mbili za sauti ileile kwa pamoja, huku moja ikicheleweshwa kidogo. Tofauti hiyo ndogo hufuta baadhi ya masafa ya sauti, na kadiri inavyobadilika, sehemu zilizofutwa husafiri kutoka chini kwenda juu au kinyume chake.

Unaweza kuipata kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti. Chukua sekunde 10 za ngoma zenye matoazi mengi, unda nakala, na upunguze kasi ya nakala kwa asilimia 0.1. Isogeze ianze milisekunde 5 kabla ya ile ya kwanza. Zitakutana katikati, kwenye sekunde ya 5, kisha nakala itabaki nyuma. Mvumo utapanda hadi zinapokutana, halafu utashuka. Ukisikia mwangwi wa mapigo mawili, umezitenganisha mno. Usitumie filimbi peke yake, maana ina masafa machache ya kufutwa.

Sasa inua kioo polepole mvumo unapopanda, matawi yaingie, kisha kishushe unaposhuka.

Hatua ya 5: Kupokezana

Baada ya kubonyeza mara nyingi, mafuta hukatika kuwa matone madogo mno. Kingo za rangi hupoteza ukali na ukuta unafifia. Hakuna dawa ya hapo zaidi ya kuviosha vioo kwa sabuni. Joto la taa nalo huleta mapovu na linaweza kupasua kioo, basi uwe na seti ya pili na mtu wa pili.

Kazi hii ilikuwa ya kundi tangu mwanzo, na hilo liliendana na fikra za vijana wa San Francisco wa wakati ule: asiwepo nyota mmoja wa kutazamwa, na umati uwe ndani ya picha, rangi zikiwapitia hata miilini. Ndiyo maana naona ilikuwa haki mafundi wa mwanga wa mji huo walipogoma Agosti 1969, wakidai malipo yanayolingana na mchango wao. Ukiandaa onyesho, andika majina ya mafundi wa mwanga kwenye tangazo pamoja na ya wapiga gitaa.