SOMO: Kugeuza oda za WhatsApp kuwa rekodi kwenye Google Sheets

Swali hili linaulizwa humu kila mara, na kila mara ninalijibu upya kwa vipande, kwa hiyo leo ninaliandika lote mahali pamoja. Mfano wangu ni duka la nafaka linalopokea oda kwa WhatsApp na kuzipeleka kwa wateja.

Hatua ya 1. Hifadhi kiolezo hiki kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, umtumie kila mteja anayetaka kuagiza.

```
JINA:
BIDHAA:
MAHALI:
SAA:
```

Hatua ya 2. Mteja akipuuza kiolezo na kuandika kwa mtindo wake, kijaze wewe kutokana na maneno yake, kisha umrudishie athibitishe kabla hujaingiza chochote kwenye jedwali.

Hatua ya 3. Nakili ujumbe, bonyeza seli A2 mara mbili, ndipo ubandike. Usipoingia kwanza ndani ya seli, kila mstari utaangukia kwenye safu mlalo yake.

Hatua ya 4. Weka fomula hii B2, kisha irudie C2, D2 na E2 ukibadilisha neno `jina` tu:

```
=TRIM(REGEXEXTRACT($A2,"(?i)jina[ \t]*:[ \t]*(\S.*)"))
```

Wengi huandika `\s*` baada ya nukta mbili kwa sababu ni fupi. Tatizo ni kwamba `\s` hukubali pia mwisho wa mstari, kwa hiyo mteja akiacha jina wazi, fomula huruka mpaka mstari wa chini na kukuletea "BIDHAA: Unga kilo 2" kama jina la mtu. Kwa fomula ya hapo juu, sehemu iliyoachwa wazi huleta `#N/A`. Usiifiche kwa `IFERROR`, kwani hiyo ndiyo dalili ya kwamba unapaswa kumuuliza mteja.

Hatua ya 5. Tenganisha bidhaa. Hapa ndipo oda nyingi huharibika, na chanzo ni neno "na". Chukua mstari huu: "Unga kilo 2 na nusu, mchele kilo 5 na maharage kilo 1". "Na" ya pili inaunganisha bidhaa mbili, lakini ya kwanza ni sehemu ya kipimo. Ukikata kila penye "na", utapata unga kilo 2, kisha bidhaa ya ajabu iitwayo "nusu", na mteja atapelekewa unga pungufu bila jedwali kuonyesha kosa lolote. Kwa hiyo geuza "na nusu" kuwa desimali kwanza, ndipo ukate, kwa fomula hii unayoiweka F2:

```
=ARRAYFORMULA(TRIM(SPLIT(SUBSTITUTE(REGEXREPLACE(LOWER(C2),
"(\d+)\s*na\s+nusu","$1.5")," na ",","),",")))
```

Matokeo ni "unga kilo 2.5", "mchele kilo 5" na "maharage kilo 1", kila kimoja katika seli yake. Fomula hii haielewi "mbili na nusu" iliyoandikwa kwa maneno, wala "na robo". Andika tarakimu unapothibitisha oda katika hatua ya 2.

MASWALI

Mwanachama: Mkuu, mbona kwangu inaleta #N/A? Fomula ni mbovu.

Jibu: Soma aya iliyo chini ya fomula ya hatua ya 4, kisha uangalie ni sehemu gani mteja wako ameiacha wazi.

Mwanachama: Majina yangu yote yanaanza na alama ya nyota. Kiolezo nimekikoleza ili kipendeze.

Jibu: Nyota hizo ndizo zinazokoleza maandishi kwenye WhatsApp, na ukinakili ujumbe zinakuja nazo. Ondoa ukolezaji kwenye kiolezo.

Mwanachama: Shikamoo mwalimu. Nataka kupanga oda kwa muda wa kupeleka, lakini "saa 10 jioni" inapangwa kabla ya "saa 4 asubuhi". Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, umeuliza jambo la maana. Acha maneno ya mteja yalivyo, kisha ongeza safu ya saa 24 pembeni. Kwa asubuhi, mchana na jioni, jumlisha 6: saa 4 asubuhi inakuwa 10:00, saa 10 jioni inakuwa 16:00. Kwa usiku na alfajiri, jumlisha 18, na ikifika 24 au zaidi utoe 24: saa 2 usiku ni 20:00, saa 11 alfajiri ni 5:00. Saa 12 asubuhi iwekee sharti lake peke yake, kwa sababu ukijumlisha 6 utapata 18:00, ambayo ni saa 12 jioni. Ziwekee sharti pia saa 11 asubuhi, ambayo ni 5:00, na saa 1 jioni, ambayo ni 19:00. Na mteja akiandika "saa 2" bila kutaja asubuhi wala usiku, usimkisie. Muulize.

Mwanachama: Je, akiandika "mchele 5 unga 2 maharage" bila mkato?

Jibu: Hakuna fomula itakayojua kama 2 ni ya unga au ya maharage. Irudishe hatua ya 2.