Somo: Njia ya nodi na superposisheni kwenye sakiti yenye chanzo tegemezi, na ile alama ya kutoa inayokula maksi

Kwenye karatasi ninazosahihisha, wengi wanaokosa maswali ya chanzo tegemezi wanaijua njia vizuri. Hesabu yao inaharibikia kwenye alama moja, mara nyingi mstari wa pili tu, na kuanzia hapo wanakokotoa kwa ufundi mkubwa jibu la sakiti nyingine kabisa. Leo tuchukue sakiti moja tu, twende nayo taratibu.

Chora hivi. Chini kuna waya wa ardhi, hiyo ndiyo nodi ya rejea, volti 0. Juu kuna nodi mbili, A na B. Chanzo cha volti 10 (chanya juu) kinaingia A kupitia rezista ya omu 2. Kutoka A kwenda ardhini kuna omu 4, na mkondo unaoshuka humo tumeuita ix. Kati ya A na B kuna omu 4, na kutoka B kwenda ardhini omu 4 nyingine. Halafu B ina vyanzo viwili vya mkondo: kimoja huru cha ampea 5, mshale wake unashuka kutoka B kwenda ardhini, na kimoja tegemezi cha 2ix, mshale wake unapanda kutoka ardhini kuingia B.

Hatua ya 1: chagua upande mmoja, usihame

Mimi huandika mikondo yote kama inatoka kwenye nodi, kisha jumla yake ni sifuri. Unaweza kuchagua inayoingia, haidhuru. Kinachodhuru ni kuchagua inayotoka kwenye nodi A, halafu ukifika B ukabadilisha mawazo.

Nodi A:

```
(VA - 10)/2 + VA/4 + (VA - VB)/4 = 0
4VA - VB = 20
```

Nodi B:

```
(VB - VA)/4 + VB/4 + 5 - 2ix = 0
```

Tulia hapa kidogo. Ampea 5 inatoka, kwa hiyo ni chanya. Chanzo tegemezi kinaingia, kwa hiyo 2ix ina alama ya kutoa. Alama hiyo umeisoma kwenye mshale, basi. Hujui bado kama ix yenyewe ni chanya au hasi, na wala hupaswi kujali.

Hatua ya 2: badilisha ix iwe volteji za nodi

ix inashuka kutoka A, kwa hiyo ix = VA/4. Kama mchoro ungeonyesha ix inapanda kwenda A, ungeandika -VA/4. Hili ndilo shimo la pili: mtu anaandika VA/4 kwa mazoea bila kuangalia mshale umechorwa vipi. Weka kwenye nodi B, zidisha kwa 4:

```
2VB - 3VA = -20
```

Ukiunganisha na ile ya kwanza, VA = 4 V, VB = -4 V, na ix = 1 A.

Aliyeandika +2ix kwenye nodi B anapata VA = 2.22 na VB = -11.1. Namba zinaonekana za kawaida tu, hakuna kengele inayolia.

Hatua ya 3: superposisheni

Tunazima vyanzo huru kwa zamu. Cha volteji kikizimwa kinakuwa waya mtupu, cha mkondo kikizimwa kinakatwa na kuachwa wazi. Chanzo tegemezi hakizimwi, kinabaki mahali pake kwenye kila zamu, kikifuata ix ya zamu hiyo.

Volti 10 peke yake: ondoa ile 5 kwenye nodi B. Unapata VA = 8, VB = 12, ix = 2.

Ampea 5 peke yake: weka 0 mahali pa 10 kwenye nodi A. Unapata VA = -4, VB = -16, ix = -1.

Jumla: VA = 8 - 4 = 4, VB = 12 - 16 = -4, ix = 2 - 1 = 1. Yanalingana na ya mwanzo.

Sasa rudi kwenye zamu ya pili, maana ndipo maksi zinapomwagika. ix imetoka -1. Wengi wakiiona hasi hugeuza mshale wa chanzo tegemezi kwenye mchoro, halafu wanaacha na ile alama hasi kwenye namba. Wamegeuza mara mbili, wamerudi walikotoka. Wengine wanafuta alama, wanajumlisha 2 na 1, wanapata ix = 3. Mshale ukishachorwa umechorwa. Uhasi unakaa kwenye namba peke yake.

Kuhakiki

Superposisheni haikamati kosa la mshale. Ukikosea alama ya 2ix na kulirudia kosa hilo kwenye zamu zote mbili, majibu yatalingana vizuri kabisa na yote yatakuwa mabaya. Kinachokamata ni mizania ya nguvu, ukiisoma mishale upya kwenye mchoro wa swali. Rezista zinakula wati 18, 4, 16 na 4, jumla 42. Chanzo cha volti 10 kinatoa ampea 3, yaani wati 30. Chanzo cha ampea 5 kinatoa wati 20, kwa sababu mkondo unaingia ndani yake kwenye volti -4. Chanzo tegemezi kinasukuma ampea 2 kuingia B yenye volti -4, kwa hiyo chenyewe kinakula wati 8. 30 + 20 - 8 = 42.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nilizima na chanzo tegemezi kwenye zamu zote mbili nikapata VA = 2.86. Si ni chanzo kama vingine?*

Ukikizima umefuta uhusiano kati ya ix na nodi B, kwa hiyo umetatua sakiti isiyokuwepo. Hiyo 2.86 ni sahihi kwa sakiti isiyo na chanzo tegemezi kabisa.

*Kaka yangu aliyetangulia kasema inawezekana kukipa chanzo tegemezi zamu yake ya tatu. Anadanganya?*

Hadanganyi, ila ana sharti. Kwenye zamu hiyo thamani yake lazima iwe 2ix ya sakiti nzima, ambayo bado huijui, kwa hiyo unaiacha kama herufi. Hapa kwetu vyanzo huru viwili vinachangia VA = 20/7, chanzo tegemezi kinachangia 4/7 ya 2ix. Kwa kuwa 2ix = VA/2, unapata VA = 20/7 + 2VA/7, na VA = 4. Inafanya kazi, lakini kwenye chumba cha mtihani mimi nisingeigusa.

*Swali liliuliza nguvu ya rezista ya kati. Nikajumlisha za zamu mbili, nikapata wati 40, mwalimu akakata yote.*

Kakata kwa haki. Kutoka A kwenda B, zamu ya kwanza mkondo ni -1, ya pili ni 3. Umefanya 4 + 36. Nguvu inafuata mraba wa mkondo, na mraba haujumlishiki hivyo. Jumlisha mikondo kwanza, upate 2, ndipo uipige mraba: 2 × 2 × 4 = wati 16. Angalia pia kwamba mraba umekufichia ile hasi ya zamu ya kwanza. Ungeifuta kwa bahati mbaya ungepata mkondo wa 4 na wati 64.