Tovuti moja ikigoma kwenye simu, usifute data za tovuti zote

Ukurasa wa chuo ukikuzungusha kila unapoingia, kukurudisha tu kwenye nywila, fungua kwanza kichupo cha New Incognito tab kwenye Chrome ya Android, uingie humo. Ukurasa ukifunguka humo, huenda mkosaji ni kuki za zamani, vifaili vidogo ambavyo tovuti huhifadhi kwenye simu yako. Gusa nukta tatu, Settings, Site settings, All sites, tafuta jina la tovuti hiyo, liguse, kisha gusa alama ya pipa. Zinafutwa kuki na data za tovuti hiyo peke yake, kwa hiyo kwingine hutolewi, wala hutachoma bando kupakua upya picha za kurasa zote. Kwa sisi wa Kampala tunaonunua MB za siku, hilo si dogo. Ulichojaza kwenye fomu bila kutuma kinaweza kupotea, na historia inabaki palepale. Kama hata Incognito inagoma, acha kufuta: huenda tatizo liko kwa wenye tovuti au kwenye mtandao.