Somo: Mchoro wa mti pale ushanga unapotolewa bila kurudishwa mfukoni

Mwezi huu nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, na karibu kila kazi ninayoonyeshwa ina kosa lilelile mahali palepale. Nimeona ni afadhali niliandike mara moja kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Swali letu ni hili. Mfuko una shanga 8 zinazolingana kwa umbo na ukubwa, 5 nyekundu na 3 za bluu. Unatoa ushanga mmoja bila kuchungulia, unauweka mezani, kisha unatoa wa pili. Je, kuna uwezekano gani wa kupata shanga mbili za rangi tofauti?

Hatua ya 1. Weka nukta, kisha chora matawi mawili, moja la N (nyekundu) na jingine la B (bluu).

Hatua ya 2. Andika 5/8 kwenye tawi la N na 3/8 kwenye tawi la B.

Hatua ya 3. Hapa tutulie, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza alama zangu nilipokuwa mwanafunzi, na ndipo wengi wanapozipoteza hadi leo.

Kila tawi la kwanza linazaa matawi mawili mapya. Karibu kila mtu anakumbuka kwamba zimebaki shanga 7, kwa hiyo asili, yaani namba ya chini ya sehemu, inakuwa 7. Kinachosahaulika ni kwamba kiasi, yaani namba ya juu, hakibadiliki kwa namna moja kila mahali, bali kinategemea tawi ulilopitia. Mimi nilijaza vizuri upande wa N, nikaandika 4/7 kwa nyekundu na 3/7 kwa bluu, halafu nikashuka upande wa B na kunakili sehemu zilezile mbili, kana kwamba ushanga uliotoka huko nao ulikuwa mwekundu. Upande wa B, shanga nyekundu hazijaguswa, bado ni 5. Zilizopungua ni za bluu, ambazo sasa ni 2. Kwa hiyo sehemu sahihi za huko ni 5/7 na 2/7.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linapita kwenye ukaguzi ambao wengi tumefundishwa. Tunaambiwa tuhakikishe kwamba matawi yanayotoka kwenye nukta moja yanajumlika kuwa 1, na ni kweli 4/7 na 3/7 zinajumlika kuwa 1, hata zikiwa zimeandikwa upande ambao si wao. Hata majibu manne ya mwisho ukiyajumlisha yatakupa 1 kamili. Ukaguzi huo unamkamata aliyepunguza rangi zote mbili kwa pamoja akaandika 4/7 na 2/7, lakini aliyenakili upande mmoja kwenda mwingine unamwachia apite.

Dawa niliyoipata ni kuacha kuandika sehemu moja kwa moja. Katika kila nukta andika kwanza kilichobaki mfukoni, ndipo usome sehemu kutoka hapo. Ukipita tawi la N, mfuko una 4N na 3B. Ukipita tawi la B, mfuko una 5N na 2B. Ukishayaandika hayo, sehemu zinajitokeza zenyewe.

```
[5N 3B]
  |-- N 5/8 --> [4N 3B]
  |               |-- N 4/7    NN = 20/56
  |               |-- B 3/7    NB = 15/56
  |-- B 3/8 --> [5N 2B]
                  |-- N 5/7    BN = 15/56
                  |-- B 2/7    BB =  6/56
```

Ukaguzi wa kweli ni kulinganisha NB na BN. Katika shanga zisizorudishwa, njia mbili zenye rangi zilezile kwa mpangilio tofauti lazima ziwe na jibu moja, kwa kuwa namba za juu ni zilezile zilizobadilishana nafasi (5 × 3 na 3 × 5) na za chini ni 8 × 7 kwa zote. Mimi nilipata NB 15/56 na BN 12/56, na tofauti hiyo ingetosha kunionyesha kosa kama ningejua kuitafuta.

Hatua ya 4. Zidisha sehemu zilizo kwenye njia moja, kuanzia nukta ya kwanza hadi ncha. Usirahisishe bado.

Hatua ya 5. Jumlisha njia zinazojibu swali. Rangi tofauti ni NB na BN: 15/56 + 15/56 = 30/56, na sasa ndipo unaporahisisha kuwa 15/28.

Maswali yaandikwe hapa chini.

---

Haraka: Mwalimu naomba jibu. Mfuko una nyekundu 6 na kijani 4, zinatolewa mbili, rangi zifanane. Nina mtihani kesho.

Mwandishi: Swali lako halisemi kama ushanga wa kwanza unarudishwa au haurudishwi, na bila hilo halina jibu moja. Lisome upya kama lilivyoandikwa, kisha fuata hatua ya 3.

Haraka: Haurudishwi. Nimepata 6/10 × 6/10 + 4/10 × 4/10 = 52/100.

Mwandishi: Hilo ni jibu la ushanga uliorudishwa. Andika kilichobaki mfukoni baada ya kila tawi, kama nilivyoonyesha, halafu ulete tena.

Haraka: 30/90 + 12/90 = 42/90, yaani 7/15.

Mwandishi: Sawa kabisa.

Dadisi: Shikamoo mwalimu. Nimefuata somo lote na nimeelewa, ila kuna jambo linanisumbua. Nimejumlisha njia zote ambazo ushanga wa pili ni mwekundu, NN na BN, nikapata 35/56, ambayo ni 5/8. Lakini wakati wa kutoa ushanga wa pili mfukoni zimebaki 7 tu. Inawezekanaje uwezekano uwe uleule wa mwanzo?

Mwandishi: Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, na umeuliza swali ambalo ningependa kila mmoja alifikie.

Zipe shanga namba, nyekundu ziwe 1 hadi 5 na za bluu 6 hadi 8, kisha orodhesha jozi zote kwa mpangilio wa kutoka. Ya kwanza ina nafasi 8, ya pili 7, kwa hiyo jozi ni 56, na zote zina uwezekano sawa. Asili ya 56 uliyoiona kwenye mchoro ni idadi ya jozi hizo hasa. Sasa uliza ni jozi ngapi zinaishia na ushanga namba 1. Ni 7, kwa sababu yoyote kati ya zile nyingine 7 ingeweza kuutangulia. Ndivyo ilivyo pia kwa namba 2, na namba 8, na zote. Hakuna ushanga wenye upendeleo wa kutoka wa pili. Nyekundu ni 5, kwa hiyo jozi zinazoishia na nyekundu ni 5 × 7 = 35.

Mfuko ulipungua, ni kweli, lakini wewe hujaambiwa ulipungua rangi gani. Ukiambiwa, uwezekano unahama kutoka 5/8 kwenda 4/7 au 5/7. Hiyo ndiyo maana ya kusema tukio la pili linategemea la kwanza. Na umetupatia ukaguzi wa pili bila kukusudia: katika mchoro wangu wenye kosa, jumla hiyo ingekuwa 20/56 + 12/56 = 32/56, ambayo si 5/8.

Dadisi: Sasa naelewa. Je, mtu akiniambia wa pili ulikuwa mwekundu, naweza kurudi nyuma nikajua habari za wa kwanza?

Mwandishi: Unaweza. Funika njia zote ambazo wa pili si mwekundu. Zinabaki NN yenye jozi 20 na BN yenye 15, jumla 35. Uwezekano kwamba wa kwanza nao ulikuwa mwekundu ni 20/35, yaani 4/7. Umepungua kutoka 5/8, kwa sababu ushanga mmoja mwekundu tayari unajulikana kuwa haukuwa wa kwanza.

Kanuni: Mbona mnazunguka? Chagua 2 kati ya 8 ni njia 28, na rangi tofauti ni 5 × 3 = 15. Jibu 15/28, mstari mmoja.

Mwandishi: Njia yako ni sahihi, na kwa swali hili ni fupi zaidi. Hata hivyo inasahau mpangilio, kwa hiyo haiwezi kujibu swali la pili la Dadisi bila kuongezewa kitu. Pia anayeshika kanuni hiyo kabla ya kuelewa mfuko unavyobadilika huitumia hata pale ushanga unaporudishwa, na kazi za namna hiyo nimezisahihisha nyingi. Mchoro nimeuchagua kwa sababu hizo.

Mwanagenzi: Swali likisema shanga mbili zimetolewa kwa mkupuo mmoja, mti unachorwaje?

Mwandishi: Vilevile, kama ushanga usiorudishwa. Vidole vikishika shanga mbili pamoja, unaweza kuuita mmoja wa kwanza na mwingine wa pili bila kubadilisha lolote, na ushanga mmoja hauwezi kushikwa mara mbili. Ila katika hali hiyo usijibu NB peke yake, kwa kuwa hakuna wa kwanza wa kweli. Jumlisha NB na BN.

Mwanagenzi: Na zikitolewa tatu, huku za bluu zikiwa 2 tu?

Mwandishi: Ukifika kwenye nukta iliyopitia B na B, andika kilichobaki: 0B. Tawi la B hapo lina uwezekano wa 0 na tawi la N lina uwezekano wa 1. Nashauri ulichore tawi la sifuri mara za mwanzo, maana wanaoliacha mara nyingi husahau kuandika 1 kwenye lile lililobaki.

Chaki: Nyongeza kutoka darasani kwangu. Natumia shanga halisi: kwenye karatasi kubwa yenye mchoro, kila nukta naweka kikombe chenye shanga zilizobaki. Mwanafunzi akitaka kuandika sehemu, anahesabu zilizo kikombeni mbele yake, wala hawezi kunakili kutoka upande wa pili.

Mwandishi: Hii ni bora kuliko mabano yangu kwa anayeanza. Unahitaji shanga ngapi kwa mfano wetu?

Chaki: 8 kwenye nukta ya mwanzo, na 7 kwa kila moja ya nukta mbili zinazofuata. Jumla 22. Wakizoea vikombe, naviondoa, wanabaki na mabano kama yako.