Mkusanya madeni anapiga simu kazini: mambo ya kuzingatia kabla hajapiga tena

Tishio la "nitamwambia bosi wako" hupata nguvu pale mdaiwa anapoamini kwamba bosi akijua tu, kazi imeisha. Kwa hiyo lipime tishio hilo kwanza, kabla ya kulijibu. Mwajiri akiambiwa leo kwamba unadaiwa na kampuni ya mikopo ya simu, hana ruhusa ya kukukata hata shilingi kwa sababu ya simu hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 imetaja makato yanayokubalika kwenye mshahara, na ombi la mtu aliyepiga simu mapokezi halimo. Mdai akitaka mshahara wako uguswe bila ridhaa yako, itambidi afungue kesi, ashinde, kisha aombe amri ya kuukamata. Hata akiipata amri hiyo, sheria inakinga theluthi mbili ya mshahara. Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyopo Nakuru na Kisumu pia, na lazima upelekewe hati za kesi ili ujitetee. Kama hujapokea hati yoyote ya mahakama, anayekwambia kwamba "mshahara wa mwezi huu tumeshauzuia" anakudanganya.

Kukamatwa nako ni hivyo hivyo. Kushindwa kulipa mkopo si jinai. Kifungo cha madeni kipo, lakini huja baada ya hukumu, na mdaiwa huitwa kwanza mbele ya mahakama aeleze kwa nini asifungwe. Hakianzii kwenye simu ya saa nne asubuhi inayodai askari wako njiani kutoka stesheni.

Hata hivyo, kuna hali ambazo kazini watajua kihalali, na ni vizuri uzichunguze kabla hujaanza kulalamika. Kama ulitia sahihi mkopo wa kukatwa kwenye mshahara, mwajiri ni sehemu ya mpango huo tangu mwanzo. Kama mkopo ni wa chama cha ushirika na wenzako wa kazini ndio wadhamini, chama kina haki ya kuwaarifu, maana akiba zao ndizo zitakazoguswa. Na kama kazi yako ni ya kushika fedha, hasa benki, soma tena mkataba wa ajira, kwa sababu baadhi yake humtaka mfanyakazi aeleze madeni yake mwenyewe. Yanayofuata hapa yanahusu mkopo wa kawaida wa simu usio na mdhamini kazini, kwa kuwa ndio unaoleta simu nyingi zaidi.

Jambo la kwanza la kuwa nalo mkononi ni hesabu. Chukua mfano wa karani wa mapokezi katika kliniki moja ya Nakuru, anayebaki na mshahara wa shilingi 28,000 baada ya makato. Alikopa 8,000, hajalipa kitu, miezi imepita na sasa anadaiwa 19,700. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinaweka kikomo: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba haiwezi kuzidi mtaji uliokuwa umebaki wakati huo. Mtaji hapa ni 8,000, kwa hiyo riba haipiti 8,000, na jumla ni 16,000. Zile 3,700 zinazobaki lazima zielezwe kuwa gharama halisi za kudai deni, la sivyo hazina msingi. Karani huyu akiingia kwenye mazungumzo bila hesabu hii, atakubali 19,700 kwa hofu, na ahadi hiyo itaandikwa kwenye faili lake.

Pamoja na hesabu, mjue anayepiga. Wakusanya madeni wengi si wafanyakazi wa mkopeshaji. Ni mawakala wanaolipwa asilimia ya wanachokusanya. Ndiyo sababu wanasukuma ulipe leo, hata kidogo, na ndiyo sababu baadhi yao wanataka utume pesa kwenye nambari ya mtu binafsi. Usifanye hivyo kamwe. Pesa iliyoingia kwenye simu ya mtu haionekani kwenye akaunti ya mkopo wako, na wiki ijayo utadaiwa upya. Lipa kwa nambari ya Paybill iliyo kwenye mkataba au ndani ya programu uliyokopea, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Jina la kampuni litafute kwenye orodha ya watoa mikopo wenye leseni katika centralbank.go.ke. Kama halimo, utakuwa na jambo la ziada la kuieleza Benki Kuu.

Sasa simu yenyewe. Kosa la kawaida ni kuzima simu au kumfungia namba. Anachofanya wakala ni kuhamia laini ya ofisi, na hapo ndipo mapokezi wanapojua kabla hujasema lolote. Pokea mara moja, usibishane, na uwe na maneno uliyoyaandika kabla: "Niko kazini na sitazungumzia jambo hili hapa. Nitumie kwa maandishi jina la kampuni, nambari ya mkopo na hesabu kamili. Nipigie kwa namba hii yangu, baada ya saa kumi na moja jioni. Asante." Halafu kata. Usieleze shida zako, usitaje tarehe ya mshahara, usiahidi kiasi. Tarehe ya mshahara ndiyo anayoitafuta zaidi, kwa sababu akishaijua atajua siku ya kukusumbua.

Kila simu iandike papo hapo: tarehe, saa, namba iliyopiga, jina alilojitambulisha nalo, aliyepokea, na maneno ya tishio yalivyosemwa. Usiandike "alinitisha". Andika "alisema: nitamtumia meneja wako picha ya kitambulisho chako". Meseji zisifutwe hata kama zinaudhi. Zipige picha ya skrini namba na tarehe zikionekana, na asili yake ibaki kwenye simu. Ukitaka kurekodi mazungumzo, mwambie mwanzoni kwamba unarekodi. Mara nyingi sauti hushuka hapo hapo.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiogopa, na kwa maoni yetu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: mfikie mwajiri kabla yake. Huna haja ya kumweleza maisha yako. Nenda kwa afisa wa wafanyakazi, au kwa meneja kama ofisi ni ndogo, na useme kwa ufupi: "Madam, kuna kampuni ninayodaiwa, deni ni langu binafsi na ninalishughulikia. Wakala wao anapiga laini ya ofisi na anatishia kuzungumza nawe. Naomba wakipiga, ofisi isithibitishe wala kutoa habari zangu, na nijulishwe saa waliyopiga." Kiasi cha deni si lazima ukitaje. Usiombe mkopo wa mshahara katika kikao hicho hicho, maana ombi hilo litageuza taarifa kuwa kilio, na meneja atakumbuka kilio.

Ombi la kutothibitisha habari linamlinda mwajiri pia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwajiri ndiye mtunzaji wa data zako. Karani wa mapokezi akimwambia mtu asiyemjua kwamba ndiyo, uko zamu ya mchana na unalipwa tarehe 30, ofisi imetoa data yako bila idhini. Mwenzako wa mapokezi mpe jibu fupi la kutumia: "Hatuzungumzii mambo binafsi ya wafanyakazi kwa simu. Andika barua."

Siku hiyo hiyo, mwandikie mkopeshaji, si wakala. Tumia anwani ya barua pepe iliyo kwenye mkataba au kwenye programu. Barua ya karani wetu inaweza kuwa hivi:

"Nakiri kuwa na mkopo nambari (iandike) wa shilingi 8,000. Naomba taarifa kamili inayoonyesha mtaji, riba na gharama, kila moja peke yake. Napinga matumizi ya namba ya mwajiri wangu na ya watu walio kwenye simu yangu katika kudai deni hili, na naomba mzifute. Tarehe 3, 5 na 9 mwezi huu wakala wenu alipiga laini ya kazini na kutishia kumweleza mwajiri wangu. Kanuni za mwaka 2022 zinakataza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya mteja bila idhini, na zinakataza vitisho. Wasilianeni nami kwa anwani hii. Napendekeza kulipa shilingi 2,000 kila tarehe 5, kuanzia mwezi ujao, huku tukikubaliana hesabu. Naomba jibu ndani ya siku 14."

Pendekezo la malipo liwe dogo kuliko unavyoweza kwa mwezi mzuri. Karani wa 28,000 akiahidi 6,000, ataivunja mwezi wa pili, na ahadi iliyovunjwa humrudisha wakala kwenye simu akiwa na hoja mpya. Afadhali 2,000 zinazofika kila tarehe 5 bila kukosa.

Simu za kazini zikiendelea baada ya barua, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia odpc.go.ke. Ambatisha daftari la simu, picha za meseji na nakala ya barua yako. Sheria inampa Kamishna siku 90 kuchunguza. Ofisi hiyo haina meno ya karatasi: mwezi Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwapigia na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Nakala nyingine itume Benki Kuu, kwa kuwa ndiyo inayotoa leseni. Akitishia kukudhuru mwilini, usingoje Kamishna. Nenda kituo cha polisi, ripoti, na uondoke na nambari ya OB.

Na kama ameshamwambia bosi? Mambo ni yale yale, ila omba pia mwajiri aandike mistari miwili kuhusu nani alipiga, saa ngapi na alisema nini. Huo ni ushahidi mzito kuliko daftari lako, kwa sababu umetoka kwa mtu wa tatu. Kama mwajiri atataka kukuchukulia hatua, ana wajibu wa kukupa sababu na kukusikiliza kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Malalamiko hayafuti deni. Endelea kulipa ulichokubali wakati uchunguzi unaendelea. Ukimaliza awamu ya mwisho, omba barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, yenye nambari ya mkopo, kisha angalia taarifa yako ya CRB uone kama imerekebishwa. Wapo waliomaliza kulipa na bado wakapigiwa kazini na wakala mwingine aliyepewa orodha ya zamani. Barua hiyo ndiyo utakayomtumia.